Niliandika "usije ukachelewa", ikasomeka "usije"

Shikamoo bibi. Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Muheza. Mwezi uliopita tulipokea mahari ya binti yangu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Tanga mjini. Yeye ndiye shangazi mkubwa wa bibi harusi, na kwenye shughuli zetu zote jiko hushika yeye, tena masufuria makubwa huja nayo mwenyewe. Siku tatu kabla nilimtumia ujumbe. Naunakili kama ulivyo:

"Wifi Jumamosi usije ukachelewa kama siku ile watu wazima wanakuja vyombo nimeshaazima kwa jirani usihangaike"

Hakujibu, na Jumamosi hakuonekana. Mume wangu alimpigia, simu haikupokelewa. Baadaye nikasikia kwa binamu kwamba wifi analia, anasema nimemfukuza kwenye mahari ya mtoto wa ndugu yake. Macho yake hayaoni maandishi madogo, mjukuu wake wa darasa la tano ndiye humsomea. Nikapandwa na hasira, nikauweka ujumbe kwenye kundi la familia, nikaandika: "Someni wenyewe, nimemfukuza wapi hapo?" Watu wakacheka, mmoja akasema siku hizi kusoma ni kazi. Wifi akatoka kundini. Ndoa ni baada ya miezi miwili. Mume wangu anataka niombe radhi. Niombe radhi kwa kosa gani, na mimi niliandika sawa? Nataka kumweleza bila kumfanya ajione mjinga, ila sijui nianzie wapi.

Mke wa Mdogo Mtu, Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kwenda kokote, chukua simu yako, ingia chumbani, usome ujumbe ule kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza usome kama ulivyoukusudia: sauti inapita haraka juu ya "usije" na kutua kwenye "ukachelewa", kana kwamba ni neno moja. Mara ya pili usome kama mtu aliyeupokea akiwa hajui ulichokuwa nacho moyoni: "Wifi, Jumamosi usije." Nyamaza kidogo. "Ukachelewa kama siku ile, watu wazima wanakuja. Vyombo nimeshaazima kwa jirani, usihangaike." Nimeusoma hivyo mimi mwenyewe barua yako ilipofika, na kifua kimenibana kwa niaba ya wifi yako.

Unasema uliandika sawa, na kweli uliandika sawa. Yeye naye alisomewa sawa. Maneno yale yana njia mbili, na sipendi uichukulie hiyo kama lugha ya kupatanisha tu, kwa hiyo nitakuonyesha njia hizo zilipo. Ukizijua utaweza kumwambia wifi yako ukweli mtupu, na mtu mzima anayajua maneno ya kubembelezwa.

Mama wa Kiswahili kutwa nzima anasema "shuka hapo usije ukaanguka", "funika mkono usije ukaungua". Katika maneno hayo "usije" haina uhusiano na kuja. Imebeba hofu tu, kwamba jambo baya lisitokee. Hakuna mtoto aliyewahi kuelewa kwamba anakatazwa kuja, kwa sababu hakuna safari inayozungumzwa. Sasa tazama ujumbe wako. Umeanza kwa kutaja siku, Jumamosi, na jambo lenyewe ni mtu kutoka Tanga kuja kwako. Hapo neno "usije" limekuta safari ya kweli imekaa kando yake, likajishika nayo. Ungeandika "usije ukasahau kitambulisho", asingepotea. Umeandika "Jumamosi usije" kwa mtu anayetarajiwa Jumamosi, basi maana ya kwanza inayomjia ni ile iliyo wazi kuliko zote.

Kwenye mazungumzo ya mdomo sauti ingeliokoa neno hilo. Kwenye maandishi kazi ya sauti hufanywa na nukta na mkato, na ujumbe wako hauna hata kimoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikulaumu. Wengi wetu tulijifunza kuandika kwenye simu zamani, meseji ikiwa na nafasi ya herufi 160 tu na kila moja ikilipiwa, kwa hiyo mkato ulionekana ni anasa. Nafasi sasa ipo, mazoea yamebaki. Lakini fikiria mtoto wa darasa la tano aliyepewa simu na bibi yake: shuleni amefundishwa kutua penye nukta. Hapa hakuna nukta, lazima atue mahali fulani ili avute pumzi, na sentensi "Wifi Jumamosi usije" imekamilika, ina mwenyewe, ina siku, ina amri. Huenda hata mstari wa kioo uliishia hapohapo. Alitua palipokuwa na maana.

Halafu kuna kipande cha mwisho. Mtu anaposoma akapotea njia, kwa kawaida maneno yanayofuata humrudisha, kwa sababu hayaendani na alivyoelewa. Kama ungemalizia "ulete na ile sufuria ya pilau", wifi yako angeshtuka, angemwambia mjukuu arudie. Wewe umemalizia kwa kusema vyombo vimeshapatikana kwa jirani, asihangaike. Ulitaka kumpunguzia mzigo wa kubeba masufuria kwenye daladala, hilo naliona. Lakini kwa mwanamke ambaye heshima yake katika ukoo ni lile jiko na yale masufuria, baada ya kusikia "usije", maneno hayo yanamaanisha nafasi yake imeshajazwa na jirani. Kila neno lililofuata lilithibitisha lile la kwanza. Hakupewa hata upenyo mmoja wa kujiuliza.

Sasa naomba uniruhusu niguse mahali ambapo barua yako imepita haraka. "Kama siku ile." Hukunieleza ni siku gani, na huna haja ya kunieleza, maana wewe unaijua na yeye anaijua. Maneno hayo matatu hayana njia mbili. Yakisomwa ulivyokusudia, yanamkumbusha dada mkubwa wa mumeo, katika mwaliko, kosa la zamani. Yakisomwa alivyosikia, ndiyo sababu ya kufukuzwa kwake. Na ninaamini ndiyo yaliyomfanya asadiki. Mtu akisikia kwamba mwenziwe anayempenda amemkataza kuja, hukataa kwanza: haiwezekani, labda amekosea. Wifi yako hakukataa. Aliona inawezekana, kwa sababu alikuwa anajua kuna deni la siku ile bado linahesabiwa. Ndiyo maana ukienda kumweleza habari ya "usije" peke yake, atakuelewa, atatikisa kichwa, na moyo utabaki palepale.

Kwa hiyo jibu la swali lako, niombe radhi kwa kosa gani: kwa "kama siku ile", na kwa kundi. Hayo mawili ni yako kabisa na hayahitaji mjadala wa nani alisoma vipi. Habari ya "usije" yenyewe unaieleza tu, na katika kuieleza Kiswahili kimekupa chombo ambacho wengi wetu tunakiacha kabatini.

Tazama tofauti ya "hukunielewa" na "sikueleweka". La kwanza linamnyooshea yeye kidole. La pili linautazama ujumbe: ulitoka kwangu, haukufika. Vivyo hivyo "ulisoma vibaya" na "ulisomeka vibaya", "ulidhani nimekufukuza" na "ulisikika kama nakufukuza". Ile -eka na -ika mwishoni inaliacha jambo lielezwe bila mtu kuwekwa kizimbani. Nakusihi "ulidhani" uliweke mbali kabisa, maana kwetu mtu akiambiwa alidhani, ameshaambiwa hana akili. Na lipo neno jingine dogo linaloharibu radhi nyingi, nalo ni "kama": "nisamehe kama nilikuumiza". Umeambiwa analia, unajua aliumia. Ukiweka "kama" unamrudishia kazi ya kuthibitisha machozi yake.

Nitakupa jambo lililonipata mimi. Nilimwandikia mdogo wangu wa kiume, "Huji kesho?", akajibu, "Ndiyo." Nikapika, nikaenda stendi, nikakaa hadi saa mbili usiku. Kwa Kiswahili "ndiyo" hulikubali neno lililotajwa: ndiyo, siji. Mimi nilikuwa na hamu naye, nikasoma ndiyo nakuja. Tulizozana wiki nzima, mimi nikisema ulijibu ndiyo, yeye akisema uliuliza huji, na wote tulikuwa tunasema kweli. Siku niliyomwambia "swali langu lilikuwa na milango miwili, ningeuliza tu unakuja lini", papo hapo akajibu, "Hata mimi ningeandika siji, yakaisha." Sikumwomba achukue sehemu yake. Aliichukua alipoona siichungi tena ya kwangu.

Basi twende kwenye safari yenyewe. Usiandike. Piga simu kwa sauti yako, na ukiona haipokei, mumeo ampigie au apite kwake aseme sentensi moja, "mke wangu anaomba kuja kukuamkia Jumapili baada ya alasiri", aishie hapo. Asianze kueleza habari ya ujumbe, maana akieleza yeye inakuwa kesi ya kaka kumtetea mkewe. Kwa sababu hiyohiyo nenda peke yako. Mbele ya mdogo wake wifi atalazimika kukusamehe kwa ajili yake, na msamaha wa kumstahi mtu mwingine utakaa mdomoni tu.

Usiende mikono mitupu, lakini usibebe kitu kikubwa kikaonekana faini. Sukari kilo mbili na majani ya chai vinatosha. Kanga usipeleke safari hii, hata ukikuta doti nzuri namna gani. Kanga ina jina, na jina la kanga ni ujumbe mwingine unaosomwa kwa njia zaidi ya moja. Wanawake wa pwani tumepigana vijembe kwa kanga miaka mingi, na mwanamke aliyeumizwa kwa maandishi atalisoma jina lile kabla hajaigusa nguo.

Ukishaamkia na kukaa, usizunguke. Habari za afya ulize, kisha sema. Mimi ningesema hivi, nawe uyageuze yawe yako:

"Wifi, nimekuja kwa ajili ya ule ujumbe wangu. Nimeusoma tena kwa sauti, nikausikia: unasomeka kama nakukataza usije. Nilichokuwa nataka ni uwahi, kwa sababu jiko lile bila wewe halina mwenyewe. Niliuandika vibaya. Na yale maneno ya siku ile, hata ujumbe ungeeleweka, hayakuwa ya kukwambia. Halafu nikauweka kundini watu wakacheka. Hapo nilikukosea. Nisamehe wifi yangu."

Ukimaliza, nyamaza. Utatamani sana kuongeza "lakini" ya kueleza kwamba ulikuwa umechoka, au wageni walikuwa wengi. Imeze. Na usitoe simu kumwonyesha ujumbe, hata akisema hakumbuki. Macho yake hayataona, atamwita mjukuu ausome tena mbele yako, na mtoto atatua palepale alipotua mwanzo.

Yako majibu matatu ninayoyatarajia, na ni vizuri uyajue kabla hujafika. Huenda akasema kwa ukali, "Yaani mimi sijui kusoma?" Hilo ni jeraha la kundini linaongea. Jibu lako ni fupi: "Ulisomeka hivyo. Hata mimi niliposoma kwa sauti nimesikia hivyo." Ndiyo maana nimekutuma chumbani kwanza, ili ukisema hivyo uwe unasema kweli.

Huenda akasema, "Kwani wewe hukuona sijajibu? Ungepiga." Na hapo, mwanangu, ana haki. Siku tatu zilipita bila jibu kutoka kwa mtu ambaye kila shughuli yako huibeba, na hukupiga. Mwambie, "Kweli, nilipaswa kupiga." Usimrudishie kwamba na yeye angeuliza. Aliyeambiwa usije hapigi simu kuuliza kama ni kweli, kwa sababu kuuliza huko ni kuomba mwaliko, na mwanamke wa umri wake hawezi kuomba mwaliko kwenye mahari ya mtoto wa mdogo wake.

La tatu ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu litakuja kwa upole. Akishapoa anaweza kusema, "Ah, basi ni huyu mtoto kanisomea vibaya." Itaonekana ni njia rahisi ya kutokea: wewe hukukosea, yeye hakukosea, nyote mnacheka. Usiipite njia hiyo. Mtoto huyo ndiye macho ya bibi yake. Akipewa lawama ya kuvunja ukoo, siku nyingine akikuta ujumbe mgumu ataogopa kuusoma, au atasoma anachodhani bibi anapenda kusikia, na wifi yako atabaki gizani na simu mkononi. Sema hapohapo, mtoto akiwapo asikie: "Alisoma kilichoandikwa. Sikuweka nukta hata moja." Kama atakuwa amekaa pembeni amejikunyata, na nadhani atakuwa hivyo maana watoto hujua bibi zao wanapolia, mwite, umwambie yeye mwenyewe kwamba alisoma vizuri.

Utajuaje kama yamefika? Akisema haraka "yameisha, yameisha" na kugeuzia mazungumzo kwenye mvua, akakuita kwa jina la mwanao badala ya wifi, na chai isiletwe, hayajaisha. Usimlazimishe siku hiyo. Aga vizuri, umpigie baada ya siku chache kumjulia hali tu, bila kulitaja jambo. Akianza kulalamika, akakurudia ya siku ile kuanzia asubuhi hadi jioni, gari lilivyochelewa na wewe ulivyosema mbele ya watu, hapo kaa vizuri kwenye mkeka usikilize hadi mwisho, bila kusahihisha saa wala siku. Hiyo ndiyo dalili njema. Mtu haanzi kueleza uchungu wake kwa mtu aliyeamua kumwacha. Na siku atakapouliza mwenyewe, "Hivyo vyombo vya jirani mlivitumiaje?", jua mlango uko wazi.

Lakini usimpe jiko la harusi kama kifuta machozi. Mpe ikiwa unamtaka kweli ashike jiko, pamoja na hatari ya kuchelewa kwake. Kama ile siku iliyopita kuchelewa kwake kulikutesa kweli, tengeneza mpango wa kweli: aje alale kwako usiku wa kuamkia shughuli, au mumeo amfuate na masufuria yake jioni. Hapo unamaliza tatizo la saa bila kulitaja. Ukimpa jiko huku moyoni unahesabu dakika, tutakuwa hapahapa baada ya miezi miwili.

Lile la kundini nalo lazima lifutwe kundini, kwa sababu waliocheka wako kule. Ila kwa mpangilio: baada ya kwenda kwake, na baada ya kumwuliza kama anaridhia uandike. Ukiandika kabla, utaonekana unajisafisha mbele ya watu, naye atasikia kwa binamu tena. Akiridhia, andika machache:

"Ndugu zangu, ule ujumbe niliouweka hapa nimeusoma tena. Ulisomeka kama namkataza wifi asije. Niliandika vibaya mimi. Nimeshakwenda kwake, tumezungumza. Naomba tusiurudie."

Mjukuu usimtaje, macho ya wifi usiyataje, wala yule aliyesema kusoma ni kazi usimwite kwa jina. Huyo mpigie pembeni umwombe ampigie wifi, akitaka. Na ule ujumbe wa kwanza ulioweka kundini, kama simu bado inakuruhusu kuufuta kwa wote, ufute kabla ya kuandika huu, ili asije mtu akauchomoa tena. (Umeona? Hapo nimetumia "asije" ileile, na hujapotea, kwa sababu hakuna mtu anayesubiriwa kuja.) Kumrudisha wifi kundini ni hiari yake. Mwongeze akisema nirudishe. Ukimrudisha bila kumwuliza, kitu cha kwanza atakachofanya ni kupanda juu kutafuta vicheko.

Na mume wako mweleze kwa upole kwamba alikuwa na haki kukwambia uombe radhi, ila hakujua ni kwa lipi. Sasa unajua.

Imebaki siku ya ndoa. Mwalike kwa kumpigia, umwalike yeye na mjukuu. Kisha, kwa sababu watu husahau saa, mtumie na maandishi, ya kusomwa na mtoto kwa sauti mbele ya bibi yake. Chochote unachotaka kiwe, kiandike kama kitakavyokuwa, usiandike kile usichotaka kiwe. Sentensi fupi, nukta kila mwisho. Mimi ningemwandikia hivi:

"Shikamoo wifi. Njoo Ijumaa jioni, ulale kwetu. Mdogo wako atakufuata saa kumi jioni. Njoo na ile sufuria kubwa. Mchele upo, viungo nakusubiri wewe uchague."